Dokta kaongea dakika 14, shangazi anataka karatasi moja

Shangazi yangu yuko Kibosho, ana ng'ombe wawili wa maziwa na ndama mmoja, wote wa kufungia bandani. Juzi kati yule mkubwa akaanza kukataa majani, anakohoa, masikio yamelala, na chini ya sikio la kushoto tezi imevimba kama yai la kuku. Jumatatu saa tatu usiku shangazi akampigia dokta wa mifugo aliyeko Moshi mjini, akamwomba ruhusa arekodi maana gizani na tochi mdomoni hawezi kuandika, dokta akasema sawa mama, wakaongea dakika 14. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nikakuta ile rekodi kwenye wasapu na ujumbe mmoja tu: "Baba, niandikie cha kufanya, bwana mifugo anakuja saa mbili."

Nikasikiliza mara moja, nikaandika, nikatuma. Ilikuwa na kosa kubwa la dozi. Kosa halikuwa la dokta wala la shangazi, lilikuwa langu, na ndo maana naandika hapa, kwa sababu kosa lenyewe linatoka kwenye jinsi watu wanavyoongea kwenye simu na yeyote anayefupisha rekodi ya namna hii atalikuta mbele yake.

Kwanza ugonjwa wenyewe, maana usipouelewa hutajua kipi kwenye rekodi ni cha muhimu na kipi ni maongezi. Dokta alisema dalili zinaelekea ndigana kali. Wafugaji wa huku wanaijua, Wamaasai wanaiita oltikana. Inaletwa na kupe wa kahawia, wale wanaopenda kukaa masikioni, na kijidudu chake kinaingia kwanza kwenye tezi zilizo karibu na pale kupe alipouma, ndo maana tezi ya chini ya sikio na ile ya mbele ya bega huwa za kwanza kuvimba. Halafu homa inapanda. Kinachoua hasa ni mapafu, yanajaa maji mpaka mnyama anashindwa kupumua. Dawa yake ni buparvakwoni na inafanya kazi vizuri ukiwahi. Ukichelewa unaweza kuua vijidudu vyote na ng'ombe akafa vilevile, kwa sababu mapafu yameshaharibika. Kwa hiyo muhtasari wa simu hii una kazi mbili tu: dawa iingie kwa kiasi sahihi na kwa muda wake, na shangazi ajue mapema mapafu yakianza kuleta shida.

Ng'ombe wa ndani anapataje kupe? Dokta aliuliza hilohilo, shangazi akajibu majani ananunua, yanapanda na gari kutoka tambarare. Basi, kupe walipanda na majani.

Sasa turudi kwenye kosa langu. Dakika ya 3 dokta anauliza, "Ana kilo ngapi?" Shangazi anajibu kwa kujiamini kabisa, "Huyu ni mia nne hamsini." Dokta anapiga hesabu hapohapo: buparvakwoni ni ml 1 kwa kila kilo 20, kwa hiyo 22 na nusu. Mimi nikaandika 22.5, nikapigia na mstari. Wakaendelea na mengine, maji, kupe, nani atachoma sindano, mbwa akabweka weee. Dakika ya 9 dokta anarudi nyuma, "Mama, hizo mia nne hamsini ulimpima au unakadiria?" "Nakadiria, dokta." "Una futi ya fundi?" Hapo kuna kimya cha kama dakika moja na nusu, unasikia tu ndoo na ng'ombe anakohoa. Mara ya kwanza mimi hicho kimya nilikirusha mbele, nikadhani network imekata. Kumbe shangazi ndo alikuwa anampima.

Futi ya fundi cherehani ina sentimita 150 na ng'ombe alizidi hapo, kwa hiyo alizungusha kamba ya katani kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, akaipima ile kamba vipande viwili. Ikaja 165. Urefu, kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa tako, 139. Dokta akafanya hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuirudia kwenye simu:

```
165 × 165 × 139 ÷ 10840 = 349
```

Yaani mzunguko wa kifua mara mzunguko wa kifua mara urefu, vyote kwa sentimita, gawa kwa 10840, unapata kilo. Ni makadirio bado, ila ni makadirio yenye kamba, si ya macho. Kilo 349, dokta akaita 350. 350 gawa kwa 20 ni 17 na nusu. Dozi ya kweli ni 17.5 na ilisemwa dakika ya 11, kwa sauti ya chini, mara moja, bila mtu kusema "futa ile ya kwanza". Kwenye simu ndivyo ilivyo, mtu akirekebisha hapigi kengele. Anasema namba mpya tu, mwenzake anaitikia "haya", maisha yanaendelea. Wewe unayefupisha ukifuata mpangilio wa rekodi utachukua namba ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyosemwa kwa sauti kubwa na ikarudiwa.

Kwa hiyo nilichofanya mara ya pili ni hiki: kabla ya kuandika hatua hata moja, nilichukua karatasi ya pembeni nikaandika namba zote zinazotajwa kwenye rekodi, kila moja na dakika yake na inahusu nini. Kilo 450, dakika 3. 22.5, dakika 3. Joto 40.8, dakika 5. "Ishirini", dakika 6. Kilo 350, dakika 11. 17.5, dakika 11. "Thelathini na tano", dakika 12. Na kuendelea. Ukiziona zote pamoja, zile zinazopingana zinajitokeza zenyewe, na kanuni ni kwamba kwenye kitu kilekile namba ya mwisho aliyoitaja dokta ndo inashinda, ila hakikisha ni dokta aliyeitaja. Kuna mahali shangazi anarudia "eeh kumi na saba" na ile nusu inamezwa. Kiswahili chetu kina tabia hiyo, "na nusu" inakaa mwishoni kabisa ambapo mtu ameshaanza kuvuta pumzi au mwenzake ameshaanza kujibu. Ndo maana kwenye karatasi nimeandika kwa tarakimu na kwa maneno: 17.5, kumi na saba na nusu. Na nikahakiki kwa njia ya kurudi nyuma, 17.5 mara 20 inarudi 350, basi inakaa.

Ile "ishirini" ya dakika ya 6 ilinitesa peke yake. Dokta anasema, "Halafu atamwekea na oksi ya ishirini." Mimi nikaandika oksi ml 20. Hapana. Oksitetra ipo ya asilimia 5, ya 10 na ya 20, na "oksi ya ishirini" ni ile nzito ya asilimia 20, ambayo chupa yake ina herufi LA, inayokaa mwilini kama siku tatu. Dozi yake ni ml 1 kwa kilo 10, kwa hiyo kwa kilo 350 ni ml 35, na ndo ile "thelathini na tano" ya dakika ya 12. Sasa fikiria mtu kaandika ml 20: ng'ombe anapata zaidi kidogo ya nusu ya dozi. Au kaandika ml 35 bila kutaja asilimia, bwana mifugo akaja na chupa ya asilimia 10: anapata nusu kamili. Dokta aliieleza pia kwa nini oksi ipo, kwamba yenyewe haitibu ndigana kali bali inazuia bakteria wasije wakakaa kwenye mapafu yaliyochoka. Hilo nimeliacha nje ya karatasi, halibadilishi kitu mkononi mwa mtu aliyeshika sindano. Asilimia ndo inabadilisha.

Na sindano zenyewe, dokta alisema hakuna sehemu moja ya mwili kuzidishiwa ml 10. Buparvakwoni igawanywe mara mbili, 9 upande huu wa shingo na 8.5 upande wa pili, kwenye nyama. Oksi igawanywe sehemu nne. Haya yote ni ya bwana mifugo, siyo ya shangazi.

Hapo ndo niligundua kitu kingine, kwamba rekodi ina watu watatu ndani yake japo wanaoongea ni wawili. Kuna vitu dokta anamwambia shangazi afanye, kuna vitu anavyotaka bwana mifugo afanye, na kuna vitu anavyosema atafanya yeye mwenyewe. Mfano, dakika ya 8 anasema povu likitoka puani "tutampa ya kukojosha kupunguza maji mapafuni", akataja na dawa. Karatasi yangu ya kwanza iliiweka kama hatua ya nne, na jina la dawa! Shangazi wangu namjua, angemtuma kijana wa bodaboda akainunue mapema iwepo ndani, na siku ng'ombe akikohoa sana angeomba mtu aichome. Dokta hakumwambia aichome. Alisema "tutampa", maana yake nipigie nije. Kwa hiyo kwenye karatasi kimebaki "povu puani: piga simu hapohapo", dawa haijatajwa. Sikiliza vitenzi vizuri, "mpe", "atampa" na "tutampa" ni watu watatu tofauti.

Halafu muda. Huu mtego ni wa kwetu kabisa. Dokta anasema, "Sindano ya pili ya buparvakwoni keshokutwa muda kama huu, kama homa haijashuka." Simu ni Jumatatu saa tatu usiku, kwa hiyo keshokutwa ni Jumatano usiku. Lakini sindano ya kwanza inachomwa Jumanne saa mbili asubuhi, bwana mifugo hakuweza kupanda usiku ule. Dawa haijui simu ilipigwa lini, inahesabu tangu ilipoingia mwilini. Dozi ya pili ya dawa hii hutolewa masaa 48 mpaka 72 baada ya ya kwanza, kwa hiyo ni kuanzia Alhamisi saa mbili asubuhi. Dokta alipokuwa anaongea alidhani inachomwa usiku uleule, ndo maana akasema keshokutwa. Hili sikulibadilisha kimyakimya, nilimpigia dokta kabla ya saa moja, nikamwomba radhi kwa kumwamsha, akasema "ni kweli, hesabu kutoka sindano". Kwenye karatasi sijaandika keshokutwa wala siku ya tatu. Nimeacha nafasi ya kujaza saa iliyochomwa, halafu nikaandika Alhamisi saa mbili asubuhi. Saa nimeandika kwa kuhesabu kwetu, maana rekodi yenyewe kwenye simu inasoma 21:04 na kuna mtu nyumbani pale alishaanza kubishana kama hiyo ni saa tatu au saa tisa.

Na lile neno "kama". "Kama homa haijashuka." Ukifupisha, masharti ndo ya kwanza kupotea kwa sababu sentensi inakuwa fupi na safi ukiyatoa, "sindano ya pili Alhamisi", pwaa, imekaa vizuri. Ila sasa unakuwa umemchoma ng'ombe aliyepona dawa ya bei, au, mbaya zaidi, mtu anaona ng'ombe amekula kidogo Jumatano anasema amepona, anaacha. Shangazi alimuuliza dokta homa kushuka ni ngapi, akasema ikiwa bado 39.5 au zaidi, rudia. Ng'ombe mkubwa mzima huwa kwenye 38 na nusu hivi, mpaka 39 na kidogo. Kwa hiyo sharti limegeuka kuwa kitendo: Alhamisi saa moja asubuhi pima joto, subiri thamometa ikae, ikisoma 39.5 au zaidi mwite bwana mifugo, ikiwa chini mpigie dokta umwambie namba. Apimwe kabla hajapigwa jua.

Dalili za hatari sasa, na hapa ndo nilikaa muda mrefu kuliko kote. Kwenye rekodi zimetawanyika, moja dakika ya 4, moja ya 8, moja dokta anaitaja akiwa anaaga. Ya kuaga ndo ilikuwa nzito kuliko zote. Anasema hivi, nanukuu kutoka kwenye rekodi: "Na joto likishuka ghafla mama, asikudanganye, angalia na anavyopumua." Basi, usiku mwema. Sekunde tano. Mtu anayefupisha kwa kuangalia kipi kimezungumzwa kirefu ataiacha. Lakini maana yake ni kwamba ndigana kali ikifika mwisho, joto la ng'ombe linaporomoka, linaenda hata chini ya 38, mnyama anakuwa baridi masikioni, na mtu mwenye thamometa anafurahi homa imeisha wakati ng'ombe anakata roho. Ukisoma muhtasari unaosema tu "homa ikishuka anapona", umeshampoteza ng'ombe. Kwa hiyo nimeandika pamoja, sentensi moja, zisiachane: joto likiwa chini ya 38 na bado amelala, hataki kula, au anahema, hiyo ni hatari, piga simu, siyo kupona.

Kupumua nako. Dokta alisema "akipumua kwa shida". Nikaandika hivyohivyo, nikampigia shangazi nikamsomea, nikamwambia anirudishie kwa maneno yake. Akasema, "Akipumua kwa shida si ndo hivi anavyopumua sasa?" Tukaangaliana kwenye simu, kama inawezekana. Neno "kwa shida" halina kipimo, kwa mtu anayemwona ng'ombe wake anakohoa tangu Jumapili kila pumzi ni shida. Nilivyompigia tena dokta lile suala la keshokutwa nikamuuliza na hili, akasema ahesabu mbavu zinavyopanda, dakika nzima kwa saa, ng'ombe akiwa kivulini amepumzika, zikizidi 50 apige. Au akinyoosha shingo na kufungua mdomo ili apate hewa, hapo asihesabu hata, apige. Sasa shangazi ana kitu cha kufanya: alihesabu palepale akapata 38, tukaandika 38 na saa, ili kesho akipata 44 ajue inapanda hata kama haijafika 50.

Kuna dalili mbili zaidi ambazo dokta alizitaja kwa sababu tofauti kabisa. Mkojo ukiwa mwekundu, au fizi na ndani ya jicho vikiwa vyeupe au vya njano, maana yake huenda huu siyo ndigana kali peke yake, inaweza kuwa mkojo mwekundu au ndigana baridi, magonjwa ya kupe vilevile ila buparvakwoni haiyatibu. Nilitaka kuziweka pamoja na povu na pumzi, nikasita. Povu ni "amezidiwa". Mkojo mwekundu ni "labda tunatibu ugonjwa mwingine". Zote anapiga simu, ila anachosema kwenye simu ni tofauti, na dokta atakachokuja nacho ni tofauti. Na ukumbuke dokta alitibu kwa simu, hajagusa tezi, hajachukua damu wala majimaji ya tezi kwenda kuangalia kwa hadubini. Yeye mwenyewe alisema "inaelekea", mara tatu. Karatasi ya kwanza nilianza na "Ugonjwa: ndigana kali". Ya pili inasema "Dokta anashuku ndigana kali (hajapima)". Bwana mifugo akifika akaona kitu kingine asijifunge na karatasi yangu.

Hiyo ya kizunguzungu, ng'ombe kuzunguka kama anatafuta mkia, ambayo Wamaasai huiita ormilo, dokta hakuitaja na mimi sikuiongeza japo naijua. Karatasi ni ya maneno ya dokta. Ukishaanza kuchanganya na ya kwako, siku ikitokea ubishi hakuna anayejua nani alisema nini.

Maziwa. Shangazi aliuliza mara mbili maana ndo hela ya shule. Dokta alijibu, "Buparvakwoni siku mbili, oksi siku saba, nyama siku 42." Ukiandika hivyo umeandika ukweli ambao hausaidii, mtu ana chupa mbili mwilini mwa ng'ombe mmoja, aangalie ipi? Inashinda ndefu, na kila dawa inahesabiwa kutoka sindano yake ya mwisho. Oksi inaingia Jumanne saa mbili asubuhi, siku saba zinaisha Jumanne inayofuata saa mbili asubuhi. Buparvakwoni ikirudiwa Alhamisi, siku mbili zinaisha Jumamosi, imeshamezwa na oksi. Kwa hiyo ni Jumanne. Ila shangazi anakamua saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya saa mbili! Maziwa ya Jumanne asubuhi bado yako ndani ya siku saba, ya kwanza kuuzwa ni ya Jumanne jioni. Ni mkamuo mmoja tu lakini ndo ule ambao mtu angeupeleka kituo cha maziwa kwa moyo mweupe. Nyama ni wiki 6 kutoka sindano ya mwisho ya buparvakwoni, ikiwa ni ya Alhamisi basi kutoka Alhamisi, na hii ni muhimu kuandika hata kama hakuna anayepanga kuchinja, kwa sababu ng'ombe akizidiwa usiku wa manane kuna jirani mmoja lazima atasema tuwahi kisu. Nikaongeza kwamba bwana mifugo asome siku kwenye lebo ya chupa atakayokuja nayo, maana viwanda vinatofautiana, na lebo ikisema siku nyingi zaidi ifuatwe lebo.

Kuna swali moja kwenye rekodi halina jibu. Dakika ya 13 shangazi anauliza, "Na ndama je, hayo maziwa ya kumwaga nimpe?" Hapo mtandao unakwaruza, dokta anasema kitu kama "...pe kwanza". Nimerudia mara nane. Inaweza kuwa "mpe kwanza", inaweza kuwa "usimpe kwanza". Mtu anatamani sana kuchagua moja kwa akili yake, karatasi ionekane imekamilika. Niliandika chini kabisa: "Ndama na maziwa: haijasikika, ulizwe."

Karatasi ya mwisho iliyobandikwa kwenye nguzo ya banda inasomeka hivi, na ni fupi kuliko nilivyotegemea:

Dokta anashuku ndigana kali (hajapima). Uzito kwa kamba: kilo 350.

BWANA MIFUGO, Jumanne: buparvakwoni 17.5 (kumi na saba na nusu), shingoni, 9 na 8.5. Oksi LA ya asilimia 20, ml 35, sehemu nne. Saa iliyochomwa: ____. Soma siku za maziwa kwenye lebo.

SHANGAZI, kila siku asubuhi na jioni: joto, pumzi kwa dakika nzima, andika na saa. Maji karibu yake, kivuli, asisukumwe kutembea. Alhamisi saa moja asubuhi: joto 39.5 au zaidi, mwite bwana mifugo arudie buparvakwoni 17.5. Chini ya hapo, mpigie dokta.

PIGA SIMU HAPOHAPO, hata usiku: pumzi zaidi ya 50 akiwa amepumzika, anafungua mdomo kupumua, povu puani, hawezi kusimama, joto chini ya 38 na bado hataki kula au anahema. Mkojo mwekundu, fizi nyeupe au njano: piga, sema "labda ni ugonjwa mwingine".

MAZIWA: mwaga mpaka Jumanne ijayo asubuhi, nayo mwaga. Uza kuanzia Jumanne jioni. NYAMA: wiki 6 kutoka sindano ya mwisho ya buparvakwoni.

Ndama na maziwa: haijasikika, ulizwe.

Alhamisi saa moja asubuhi thamometa ilisoma 39.6. Pointi moja tu juu ya mstari, shangazi akanipigia akiuliza kama hiyo nayo inahesabika, nikamwambia mstari ni wa dokta siyo wangu, bwana mifugo akaja akarudia. Jumamosi 38.7, pumzi 30, amekula migomba yote aliyokatiwa akaanza kuangalia ya jirani.

Dokta alipoulizwa kuhusu ndama alijibu kwa voisi ya sekunde sita: "Asipewe mama, mwaga shimoni." Kwa hiyo ilikuwa "usimpe kwanza". Shangazi akaifuta ile mistari ya chini kwa makaa, akaandika juu yake yeye mwenyewe, NDAMA ASIPEWE.